Muhannad na Waume Wengine

Kiangazi cha mwaka 2008 nilikuwa Muscat, nyumbani kwa shangazi yangu, mtaa wa Ruwi. Jikoni mle kilisemwa Kiswahili cha Unguja, mlangoni Kiarabu, na dukani kwa ami, mume wa shangazi, kila lugha yenye pesa. Ukifika wakati wa tamthilia, lugha zote zilinyamaza. Shangazi alijinyoosha juu ya godoro la sebuleni, binti zake wakajipanga ukutani, jirani mmoja akaingia bila kubisha hodi, na ami akachukua bakora yake kwenda kukaa nje na wenzake, kama mtu anayempisha mgeni asiyempenda.

Jioni moja alichelewa kutoka. Kwenye skrini kijana mrefu mwenye nywele za rangi ya asali alikuwa anamwomba mkewe radhi. Anamwomba kwa maneno, kwa macho, na kwa maua mkononi.

"Unaona?" shangazi akasema bila kugeuka. "Kamletea mkewe maua, na hakupungukiwa na kitu."

"Huyo analipwa, Bibi," ami akajibu akivaa makubadhi. "Mimi nafanya bure."

Tulicheka sana. Lakini mzaha ule ulikuwa unarudiwa katika nyumba nyingi kiangazi kile, kuanzia Ghuba mpaka Morocco, na si kila mahali uliishia kwa kicheko.

Kijana yule Waarabu walimwita Muhannad. Kwa Waturuki, waliotengeneza tamthilia yenyewe, aliitwa Mehmet, na aliyemwigiza ni Kıvanç Tatlıtuğ. Mkewe kwa Kituruki aliitwa Gümüş, yaani fedha, ile inayofuliwa pete na vikuku, na aliigizwa na Songül Öden. Kwa Kiarabu akawa Noor. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi: ni Nuru. Tamthilia ilionyeshwa Uturuki kati ya 2005 na 2007, ikapendwa kiasi tu, ikamalizika, watu wakaendelea na mambo mengine. Kisha kituo cha MBC kikainunua, kikaiingiza sauti za Kiarabu, na mwaka 2008 kikaanza kuirusha kwa satelaiti. Sehemu ya mwisho ilitoka tarehe 30 Agosti, siku mbili kabla ya Ramadhani kuandama. MBC yenyewe ilitangaza kwamba watazamaji wa usiku ule walikuwa takribani milioni 85, wengi wao wanawake. Hiyo ni hesabu ya muuza bidhaa, tuipokee kwa tahadhari. Hata ukiikata nusu bado ni umati.

Kwa nini hii, na si nyingine? Mapenzi ya kwenye runinga hayakuanza na Muhannad. Mwaka 1991 Lebanon ilikwisha kuonyesha tamthilia ya Meksiko iliyoitwa kwa Kihispania Tú o nadie, ikiwa na sauti za Kiarabu. Tamthilia hiyohiyo Wakenya waliokuwa na runinga miaka ya tisini wanaikumbuka kutoka KBC, na wengine mpaka leo wanaweza kukusimulia habari za Raquel na Antonio kama wanasimulia habari za jirani. Watu walilia, wakapenda, wakamaliza. Lakini kwenye zile za Meksiko mume alikuwa na mlango wa kutokea. Mke akisema "tazama wenzako", jibu lilikuwa tayari: wale ni Wazungu, wale wana yao, wale hawana haya. Halafu sauti zenyewe ziliingizwa kwa Kiarabu fasaha, kile cha taarifa ya habari na hotuba ya Ijumaa. Mpenzi anayenong'ona kwa Kiarabu cha kitabuni hawezi kumtia mtu wivu. Ni kama Mswahili ambembeleze mkewe kwa lugha ya tangazo la serikali: "Napenda kukufahamisha kwamba moyo wangu umeathirika."

Noor iliziba mlango huo. Kwanza, iliingizwa sauti mjini Damascus kwa Kiarabu cha Sham, kile cha mitaani na jikoni ambacho Waarabu wengi walikwisha kukizoea kutokana na tamthilia za Kisyria zenyewe. Maneno ya mahaba yakawa maneno ya kweli, yenye kudeka na kununa ndani yake. Pili, na hili ndilo kubwa, Muhannad alikuwa Mwislamu. Aliishi katika nyumba ya ukoo pembeni ya Bosfori, chini ya babu mzee ambaye neno lake halipingwi. Mke hakumtafuta mwenyewe. Aliozwa na babu. Yaani mambo yale yote ambayo mume wa Riyadh, wa Amman au wa Ruwi angeyataja kueleza kwa nini yeye hana muda wa maua, yaani dini, ukoo, wazee, ndoa ya kupangiwa, Muhannad alikuwa nayo yote. Na maua akaleta. Udhuru ukaisha.

Sasa tuitazame hadithi yenyewe jinsi ilivyojengwa, maana ndani yake mna hesabu, na hesabu hiyo ndiyo inayobaki kichwani mtu akishasahau majina.

Nuru ni binti wa bara, Anatolia, amelelewa na bibi yake, na tangu utotoni anampenda Mehmet. Mehmet mwenyewe hajui, au hajali. Yeye ana mpenzi wake mjini, Nihan, ambaye ni mjamzito, na ambaye kila mtu anaamini amekufa katika ajali ya gari. Mehmet anakaribia kuwa mtu wa kufa akiwa hai. Babu anaona dawa ni moja: amwoze binti wa bara. Nuru anakubali kuingia katika ndoa ambamo anajua wazi hapendwi. Hilo ni deni la kwanza analoliandika kwenye daftari. Anahamia kwenye jumba la kifahari ambamo wakwe wengine wanamwona mshamba. Deni la pili. Mume anamkwepa, anamkumbuka marehemu mbele yake, nusu ya moyo wake iko kaburini; la tatu, la nne, la tano. Nuru haondoki. Anavumilia, anatunza, halafu anajifunza kazi ya ubunifu wa mavazi katika kampuni ya ukoo na kuonyesha kwamba ana akili na mikono yake.

Na hapo, polepole, Mehmet anaanza kulipa. Kila kilichokopwa kinarudi na faida yake. Anaona haya kwa alivyomtendea. Anamtetea mbele ya wakwe. Anamuunga mkono kazini badala ya kumwekea kinyongo. Analia, na kulia kwake hakumpunguzii uanaume. Kisha, kwa kuwa mtunzi ana sehemu nyingi za kujaza, Nihan anafufuka, hakufa kumbe, na mtoto juu, na daftari linafunguliwa upya.

Watu wengi waliotazama, na wengi walioshutumu, waliona nusu ya pili tu ya hesabu hii. Waliona mume anayelipa. Ni kweli kwamba hiyo ilikuwa mpya. Katika mapokeo ya pwani yetu mizani ilikuwa upande mmoja kwa muda mrefu. Utendi aliotunga Mwana Kupona binti Msham mwaka 1858 kumwachia binti yake unaeleza kwa undani jinsi mke anavyopaswa kumtunza mume: chakula chake, usingizi wake, mwili wake, radhi yake. Ni utendi wa mama mgonjwa anayempenda mwanawe na kutaka aishi salama katika dunia aliyoijua. Upande wa mume wajibu haukosi katika dini wala desturi, lakini hakuna aliyeona haja ya kuutungia utendi mrefu namna ile. Noor ikaja ikamtungia mume utendi wake. Kwa mara ya kwanza mamilioni ya wanawake walikaa pamoja kila siku kutazama mwanamume akifundishwa adabu za mapenzi, hatua kwa hatua, na kufuzu.

Lakini nusu ya kwanza ya hesabu haikubadilika hata chembe. Ili Muhannad awe Muhannad, ilibidi kwanza Nuru aonewe, anyamaze na asubiri. Tamthilia haikusema kwamba mke anastahili upendo kuanzia siku ya kwanza; ilisema kwamba ataupata akishaulipia. Mvumilivu hula mbivu, tunajua wote, na kwenye tamthilia embe lazima liive, kwa sababu mtunzi ndiye mwenye mwembe. Anajua steling atabadilika sehemu ya ngapi. Mke aliyeko nyumbani kwake hajui. Anaweza kuwa sehemu ya kumi, anaweza kuwa sehemu ya elfu, na anaweza kuwa amekaa katika hadithi ambayo mume wake si steling wala hana mpango wa kubadilika. Kwa maoni yangu, kama tamthilia ile ilimdhuru mtu, si yule aliyedai maua. Ni yule aliyeona maua yako njiani na kwa hiyo akaendelea kuvumilia kipigo.

Yaliyosemwa wakati ule, lakini, yalikuwa mengine. Magazeti ya Saudi Arabia, Jordan, Bahrain na Syria yalijaa habari za ndoa zilizovunjika: mume amekuta picha ya Muhannad kwenye simu ya mkewe, mke amemwambia mumewe hadharani kwamba laiti angekuwa nusu ya yule Mturuki. Mufti Mkuu wa Saudi Arabia aliishutumu tamthilia na kukataza kuitazama. Watoto walipewa majina ya Noor na Muhannad. Jumba lililotumika kupigia picha, kule Istanbul, likafunguliwa kwa watalii wa Kiarabu waliotaka kukanyaga vyumba walivyovizoea kwa macho.

Ni kiasi gani cha haya tukiamini? Majina na watalii, sawa. Hayo mtu anaweza kuyaona. Kuhusu talaka, mtu mwenye busara atauliza: mahakama gani, talaka ngapi, zilizidi za mwaka uliotangulia kwa kiasi gani? Habari zile zilikuwa visa, na kisa cha mtu na mkewe kina mengi nyuma yake. Mwanamke anayesema "nataka talaka kwa sababu ya Muhannad" huenda amepata tu jina la kulipa jambo alilokuwa nalo miaka kumi.

Na hapa pana ugumu wa kiufundi ambao wachambuzi wengi huupita. Ili ujue tamthilia imebadilisha nini, unahitaji watu walioiona na watu wanaofanana nao ambao hawakuiona. Satelaiti haikupi hao wa pili. Inamwaga mawimbi kutoka juu kwa wakati mmoja, Casablanca na Muscat sawasawa, na aliyekosa kuitazama ni ama hana dishi ama hataki, na watu hao walikuwa tofauti na wengine kabla hata Muhannad hajazaliwa.

Mahali ambapo jambo hili liliweza kupimwa vizuri ni Brazili. Kituo cha Globo, kilichoanzishwa mwaka 1965, hakikufika nchi nzima kwa siku moja. Kilijenga mitambo na kuunganisha vituo vya mikoani mwaka hadi mwaka, wilaya hii leo, ile baada ya miaka mitano. Wachumi watatu, Eliana La Ferrara, Alberto Chong na Suzanne Duryea, wakaona kwamba hapo wamepata kipimo. Wakachukua sensa za 1970, 1980 na 1991, wakaangalia katika kila eneo wanawake walizaa kwa kasi gani kabla mawimbi hayajafika na baada ya kufika. Kisha wakapitia tamthilia 115 za saa za jioni zilizoonyeshwa mpaka 1999 na kuhesabu jambo moja la kawaida kabisa: wahusika wakuu wa kike walikuwa na watoto wangapi. Kati ya waliokuwa na miaka 50 au chini ya hapo, asilimia 72 hawakuwa na mtoto hata mmoja, na asilimia 21 walikuwa na mmoja tu. Hii ni katika nchi ambayo familia za kweli zilikuwa kubwa.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba mawimbi yalipofika, uwezekano wa mwanamke kuzaa katika mwaka ulipungua kwa takribani asilimia 5 ya kiwango chake cha kawaida. Ni kiasi kidogo, si mapinduzi, lakini kinalingana na kumwongezea mwanamke zaidi kidogo ya mwaka mmoja na nusu wa shule. Na hakuna steling aliyesimama kwenye tamthilia hizo kuhubiri uzazi wa mpango. Walikuwa wanapendana, wanasalitiana, wanarudiana, ndani ya nyumba zenye watoto wachache. Mtazamaji alikodolea macho mapenzi, na idadi ya watoto ikampenyea pembeni.

Hilo linatufundisha jinsi ya kuitazama Noor. Shutuma zilielekezwa kwenye kile kilichokuwa mbele: busu lililokatwa nusu, bilauri ya mvinyo, mabega wazi. Yanayompenya mtu ni yale yaliyokaa nyuma kama samani, ambayo hakuna anayeyajadili kwa sababu hayaonekani kuwa hoja. Kwenye Noor samani hizo zilikuwa mbili: kwamba mke anaweza kuwa na kazi yake na ndoa isivunjike, na kwamba uvumilivu wake ndio bei ya kuingilia. Ya kwanza shangazi aliizungumza. Ya pili sikumsikia hata siku moja akiitilia shaka, na wala mimi wakati ule sikuiona.

Sisi Watanzania tuna mfano wetu wa kipimo kama cha Brazili, ingawa ulikuwa wa redio, na kwa hili naomba nisamehewe kutoka runingani kidogo. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati. Mtambo wa Dodoma haukuurusha kwa miaka miwili ya mwanzo, na haikuwa hitilafu. Ilikuwa makusudi, ili watafiti wapate eneo la kulinganisha. Waliokuwa wakisikiliza wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo, na mkewe Tunu. Mchezo huu uliligeuza daftari la Nuru chini juu. Tunu alivumilia, akavumilia, na Mkwaju hakubadilika, akapata UKIMWI. Tunu ndiye aliyebadilika: alimwacha, akaanza kujitafutia riziki yake. Hapakuwa na maua mwishoni. Watafiti walikuta kwamba walikosikia mchezo watu walipunguza idadi ya wapenzi na matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kuliko Dodoma. Tofauti na Noor ni kwamba Twende na Wakati ilitungwa na watu waliokaa mezani kuamua msikilizaji aondoke na nini. Mtunzi wa Gümüş alikuwa na shughuli nyingine: kumfanya mtu asiguse rimoti.

Na shughuli hiyo ina athari kwenye sura yenyewe ya mapenzi, kuliko mtazamaji anavyodhani. Tamthilia ya Kituruki huonyeshwa kwao mara moja kwa wiki, sehemu moja ikiwa ndefu kama filamu. Za miaka ile zilizidi saa moja. Baadaye zikazidi kurefuka, mpaka Desemba 2010 waigizaji na mafundi wakaandamana Istanbul kulalamika kwamba zimekuwa ndefu kupita kiasi. Sehemu ndefu inaleta nafasi nyingi za matangazo, na kituo kinataka matangazo. Lakini mwandishi ana siku chache tu kuandika filamu nzima kila wiki, na maneno yana mwisho. Basi hujaza kwa macho. Mume anamtazama mke. Kamera inamzunguka. Muziki unaingia. Mke anatazama bahari. Kamera inarudi kwa mume, bado anatazama. Dakika tatu zimekwenda na hakuna aliyefungua kinywa.

Shangazi aliziona dakika zile kuwa mapenzi. "Tazama anavyomtazama," alikuwa akisema, na binti zake wakivuta pumzi. Sikuwa na moyo wa kumwambia, na wakati ule sikujua, kwamba ule mtazamo mrefu kwa sehemu ni uhaba wa karatasi. MBC nao walipozikata zile sehemu 100 za Kituruki na kuzifanya 154 fupi za kila siku, kila siku ilibidi wakatie patamu. Kwa hiyo mtazamaji wa Kiarabu aliona machozi na radhi kila jioni, pale ambapo Mturuki aliona kwa wiki mara moja. Ukila sikukuu kila siku, wali mkavu wa Jumatatu unakuwa tusi.

Hata hivyo sitaki mtu afikiri kwamba wale wanawake walikuwa wamerogwa. Mwanazuoni Ien Ang, alipokuwa Uholanzi mwanzoni mwa miaka ya themanini, aliweka tangazo dogo katika jarida la wanawake akiomba waliotazama tamthilia ya Kimarekani ya Dallas wamwandikie wanaiona vipi. Akapata barua 42. Wengi walijua kabisa kwamba matajiri wa mafuta wa Texas hawaishi vile. Walichokiita cha kweli ni hisia: kusalitiwa, kusubiri, kuogopa kuachwa. Jumba ni la uongo, kidonda ni cha kweli. Shangazi naye alijua Muhannad ni mwigizaji. Alijua hata jina lake halisi, na alijua anaishi maisha yake. Alichokuwa akimwambia ami kupitia skrini ni jambo ambalo kwa miaka thelathini hakupata pa kulishika. Tamthilia ilimpa mpini. "Muhannad kamletea mkewe maua" ni sentensi ambayo mke anaweza kuisema mbele ya wageni, akicheka, na mume akaisikia. "Nataka unione" haisemeki mbele ya wageni, na katika nyumba nyingi nilizozijua haisemeki hata faragha.

Siku hizi Waturuki wanasema Kiswahili. Azam TV imeziingiza sauti za Kiswahili tamthilia zao, na ile ya Sultan, inayomhusu Sultani Suleiman na Hürrem, ilifunga watu ndani jioni kwa jioni. Hapo tumefika mahali Waarabu walipofika mwaka 2008: mapenzi hayasomwi tena kwa maandishi chini ya skrini, yanaingia sikioni kwa sauti ya mtu anayeweza kuwa mtoto wa mtaani kwetu. Waingiza sauti nao wanapambana na swali lilelile la Damascus. Mume wa Kiswahili anamwambia nini mkewe? "Mpenzi" imechoka. "Laazizi" na "muhibu" ni za taarabu. Ukizisema jikoni utaulizwa umekunywa nini. "Mama watoto" ni ya heshima, lakini Sultani akimwita Hürrem "mama watoto" ikulu nzima itaanguka. Wamekwama wanaokota huku na kule, na kuna jioni husikia neno likitoka runingani ambalo wiki ileile nalisikia kwenye daladala, kijana anamwambia binti. Hayo ndiyo madogo ya kuangalia kwa anayetaka kujua tamthilia inapomgusa mtu. Talaka ni kelele. Neno lililoazimwa ni ushahidi.

Nilirudi Ruwi miaka kadhaa baadaye. Duka limefungwa, binti wote wameolewa, godoro la sebuleni limepandishwa juu ya kitanda cha mbao kwa sababu magoti ya shangazi hayamruhusu tena kuinuka kutoka chini. Runinga imewashwa, Mturuki mwingine, si yule, anamtazama mwanamke mwingine, na muziki umeingia. Ami alikuwa ameketi kwenye kigoda miguuni pa shangazi, kikombe cha mafuta ya moto pembeni, anamkanda goti polepole kwa dole gumba, kama anayetafuta sarafu iliyozama.

"Ami," nikamwambia, "na wewe siku hizi unalipwa?"

Ami hakuinua kichwa. Shangazi, macho yako kwenye skrini, akasema, "Na la kulia pia, usilisahau."